Nembo ya Fundi wa Nguo: Maumbo Machache, Rangi Mbili

Mzazi anaponunua sare ya shule mwezi wa Januari, mara nyingi haendi nyumbani na jina la fundi aliyeishona. Anachokumbuka ni kwamba kibanda kilikuwa karibu na kinu cha kusaga, mlango wa tatu au wa nne. Mtoto akirefuka na sare nyingine ikahitajika, mzazi huyo anaingia kibanda chochote chenye cherehani mlangoni. Fundi wa kwanza amempoteza mteja aliyeridhika na kazi yake, kwa sababu tu hakuacha alama kwenye nguo.

Mafundi wengine wamejaribu kuweka alama hiyo na wakapoteza pesa. Mtu anatengenezewa nembo kwenye kompyuta: mwanamke aliyevaa gauni, cherehani, mkasi, maua, kivuli nyuma ya herufi na nambari ya simu chini yake. Kwenye skrini inapendeza. Ikipelekwa kudariziwa kwenye mfuko wa shati, inatoka donge la uzi. Kwenye muhuri wa mpira inatoka doa jeusi. Mchoraji wa mabango anaitazama, anatikisa kichwa, kisha anaandika jina peke yake. Nembo imelipiwa, lakini haitumiki popote.

Somo hili linaonyesha jinsi fundi anavyoweza kuchora nembo yake mwenyewe kwa penseli, rula na daftari la hesabu lenye miraba, akitumia maumbo ya kawaida na rangi mbili. Tutafuata mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tuseme ni mama anayeshona sare za shule na sketi za akina mama katika soko la wadi yake, na biashara yake ameiita Pindo. Jina hilo tumelichagua kwa ajili ya somo hili tu.

Anza na mahali padogo zaidi

Kabla ya kuchora chochote, fundi aandike mahali ambapo nembo itatumika. Kwa mama wa mfano wetu ni mahali panne: lebo ya ndani ya ukosi, mfuko wa shati au sweta, muhuri wa kupigia risiti, na bango la juu ya mlango.

Mahali hapa panatofautiana sana. Kwenye bango nembo inaweza kuwa na upana wa sentimita 60, na kwenye lebo ya ukosi ikawa na milimita 12 tu. Mchoraji wa bango anatumia brashi, muhuri unatumia wino wa rangi moja, na mfuko unadariziwa kwa uzi. Uzi ndio wenye masharti magumu kuliko vyote. Mstari uliodariziwa ukiwa mwembamba kuliko milimita 1 hauonekani vizuri, na herufi zikiwa fupi kuliko milimita 5 hivi, matundu ya herufi kama A, O na P huziba.

Kwa hiyo nembo ya fundi inabuniwa kwa kuanzia mahali padogo zaidi. Ikisomeka kwenye lebo, itasomeka kwenye bango. Aliyeanza kwenye skrini kubwa ya kompyuta hana uhakika kama nembo yake itafaa kwenye lebo.

Chagua jambo moja la kusema

Ukitembea sokoni utaona mikasi, cherehani na futi ya kupimia kwenye karibu kila bango la fundi. Alama hizo zinasema, "Hapa pana fundi." Hazisemi ni fundi yupi. Nembo inatakiwa kumtenganisha fundi mmoja na jirani yake wa kibanda cha pili.

Mama wetu ana sababu ya kuiita biashara yake Pindo. Wazazi wanampenda kwa sababu huacha pindo refu ndani ya sketi za shule, ili mtoto akirefuka sketi ifunguliwe na kushushwa bila kununua nyingine. Hilo ndilo jambo ambalo nembo yake inapaswa kusema. Picha yake itakuwa sketi, na katika sketi hiyo sehemu itakayovuta macho ni pindo la chini.

Fundi mwingine anaweza kuwa na jambo tofauti. Anayeshona suti anaweza kutumia ukosi wa koti, ambao ni pembetatu mbili zinazokutana. Anayeshona mapazia anaweza kutumia mistatili mirefu iliyosimama. Kinachotakiwa ni kitu kimoja ambacho mteja wake anakitambua tayari. Ukijikuta unataka kuongeza cherehani na uzi pembeni ili watu waelewe, wazo la kwanza halijakaa sawa.

Kuchora kwenye miraba

Kazi hii inafanana na kuchora pateni kwenye karatasi ya kaki. Unapima, unaweka alama, kisha unaunganisha kwa mistari. Chukua daftari la miraba na uchore kiunzi chenye miraba 12 kwenda kulia na miraba 12 kwenda chini. Andika namba za safu pembeni, 1 hadi 12, kuanzia juu. Chora pia mstari mwepesi wa kusimama katikati, ukiacha miraba 6 kila upande, kwa sababu sketi yetu lazima ifanane kushoto na kulia.

Safu ya 1 na ya 2 ni mkanda wa kiuno. Chora mstatili wenye upana wa miraba 6 na kimo cha miraba 2, miraba 3 upande huu wa mstari wa katikati na 3 upande ule. Safu ya 3 iache wazi.

Safu ya 4 hadi ya 9 ni sketi yenyewe. Umbo lake ni pembetatu iliyokatwa kichwa. Juu yake ina upana wa miraba 6, sawa na mkanda, na chini yake inafika ukingo wa kiunzi pande zote mbili, yaani miraba 12. Weka nukta nne kwenye pembe zake na uziunganishe kwa rula. Safu ya 10 iache wazi.

Safu ya 11 na ya 12 ni pindo. Chora mstatili wenye upana wa miraba yote 12 na kimo cha miraba 2. Huo ndio utakaopakwa rangi ya pili.

Sasa paka maumbo yote matatu kwa kalamu nyeusi. Usiguse rangi bado. Nembo inayohitaji rangi ili ieleweke itaharibika siku ya kwanza itakapopigwa muhuri au kutolewa fotokopi. Tunaanza na nyeusi, na rangi zitakuja baada ya umbo kukubalika.

Uliza watu wanaona nini

Fundi haoni nembo yake kama mteja anavyoiona, kwa sababu anajua alichokusudia. Dawa yake ni kuwaonyesha watu watano au sita karatasi hiyo, bila maelezo yoyote. Asiulize kama ni nzuri. Kwa heshima, wengi watasema ni nzuri sana.

"Mama, ukiangalia hapa unaona nini?"

"Naona kengele. Ama ni ndoo umeifunika?"

Jibu kama hilo ni la thamani, na umbo tulilochora linalistahili. Pembetatu iliyokatwa kichwa, bila kitu kingine ndani yake, inaweza kuwa sketi, kengele, ndoo iliyogeuzwa au kivuli cha taa. Fundi asijitetee wala asianze kueleza, kwa maana hatakuwepo kueleza kila mara mtu atakapoliona bango. Arudi kwenye daftari na ajiulize ni kitu gani kilicho kwenye sketi na hakipo kwenye kengele.

Jibu la mama wetu ni kunjo la mbele, lile la sketi za shule. Anachora pembetatu nyembamba ndani ya sketi. Ncha yake iko juu kwenye mstari wa katikati, mahali safu ya 4 inapoisha, na kitako chake chenye upana wa miraba 2 kiko mwisho wa safu ya 9. Pembetatu hii haipakwi. Inabaki nyeupe, kama dirisha lililokatwa kwenye sketi nyeusi. Mara moja kitambaa kinaonekana kimekunjwa, na kengele imetoweka.

Anawauliza watu wengine watano, ambao hawakuona mchoro wa kwanza. Wanne kati yao wakisema "sketi" au "nguo ya shule" bila kusita, umbo limepita. Wakitofautiana, anabadilisha kitu kimoja tu na kuuliza tena. Akibadilisha vitatu kwa pamoja hatajua ni kipi kilichosaidia.

Jaribio la pili ni la umbali. Bandika karatasi ukutani, rudi nyuma hatua kumi, na ukunje macho hadi uone ukungu. Sehemu zote tatu bado zinapaswa kutenganika. Jaribio la tatu ni la udogo. Chora nembo hiyo hiyo kwenye miraba ya milimita 1, kwa mfano kwenye karatasi ya grafu, ili iwe na upana wa milimita 12. Kama nafasi nyeupe zinazibwa na kalamu yenye ncha kali, uzi utaziziba pia.

Kwa nini safu mbili zimeachwa wazi

Huenda umejiuliza kwa nini tuliacha safu ya 3 na ya 10 bila kitu. Ingeonekana rahisi zaidi kuunganisha pindo na sketi moja kwa moja, rangi moja ikigusa nyingine.

Sababu iko kwenye uchapaji. Fulana au mfuko unapochapwa kwa skrini, kila rangi hupitishwa peke yake kwa skrini yake. Kitambaa kikisogea kidogo kati ya rangi ya kwanza na ya pili, rangi hazikutani palepale. Kama zilitakiwa kugusana, utaona ufa mweupe upande mmoja na rangi zikipandana upande mwingine, na macho huliona kosa hilo haraka. Kama kati yao pana nafasi ya mraba mzima, kusogea kwa nusu milimita hakuonekani. Kudarizi nako huvuta kitambaa, na nafasi hiyo inasaidia kwa njia ile ile.

Nafasi hiyo ina faida nyingine. Nembo ikipigwa kwa muhuri wa rangi moja, pindo bado linaonekana ni kitu cha pekee, kwa kuwa limetengwa na nafasi na si kwa rangi peke yake. Nembo moja inafanya kazi kwa rangi mbili na kwa rangi moja bila kuchorwa upya.

Tahadhari moja inahusu ncha ya juu ya kunjo. Ncha kali huziba kwa wino na kwa uzi, kwa hiyo kwenye lebo ndogo kunjo litaonekana fupi kidogo kuliko ulivyolichora. Halina madhara. Ukitaka liwe safi zaidi, likate ncha yake iwe bapa kwa upana wa nusu mraba.

Kuchagua rangi mbili

Nyeupe ya karatasi au ya kitambaa haihesabiwi, kwa sababu hailipiwi. Tunahesabu rangi zinazopakwa. Mbili zinatosha, na kila inayozidi inaongeza skrini nyingine kwa mchapaji na uzi mwingine kwa mdarizi, na gharama hiyo inamrudia fundi.

Kanuni ya kwanza ni kwamba rangi moja iwe nzito na nyingine iwe nyepesi. Watu wengi huchagua nyekundu na kijani kwa kuwa zinatofautiana sana machoni. Lakini piga picha kwa simu kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe, au itoe fotokopi. Nyekundu iliyokolea na kijani kilichokolea hutoka kijivu kile kile. Tena wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani. Kwao nembo hiyo ni ya rangi moja.

Mama wetu anachagua bluu iliyokolea kwa mkanda na sketi, na rangi ya machungwa kwa pindo. Kwenye fotokopi bluu inatoka karibu nyeusi na machungwa inatoka kijivu chepesi. Jaribio limepita. Anajua pia kwamba machungwa juu ya nyeupe haina nguvu ya kutosha kusomeka ikiwa nyembamba. Kwa hiyo ameiweka kwenye pindo, ambalo ni umbo pana, na jina la biashara litakuwa la bluu.

Kanuni ya pili ni kufikiria kitambaa. Sare nyingi zina sweta za bluu nzito, na nembo ya bluu juu yake itamezwa. Basi toleo la pili liandaliwe mapema: kwenye kitambaa kizito, mkanda, sketi na jina huwa nyeupe, pindo hubaki la machungwa, na kunjo linaonyesha rangi ya kitambaa chenyewe. Maumbo hayabadiliki hata kidogo. Fundi akiwa na matoleo matatu, yaani la kitambaa cheupe, la kitambaa kizito na la rangi moja, hatamwachia mchapaji kubuni la kwake.

Kanuni ya tatu ni kuiandika rangi. Ukisema "bluu" tu, kila mchapaji atakuletea bluu yake. Kwa kompyuta kuna namba. Bluu ya mfano wetu ni #1F2A5A na machungwa ni #F08A1D. Hata hivyo skrini inatoa mwanga na karatasi haitoi, hivyo rangi iliyochapwa itafifia kidogo ikilinganishwa na ya simu. Kwa sababu hiyo weka pia sampuli ya kushikika. Hifadhi roli za uzi ulizokubali pamoja na namba zilizoandikwa juu yake, na kipande kidogo cha kitambaa kilichochapwa kikatoka sawa. Ukienda kwa mchapaji au mchoraji, mpe kipande hicho aoanishe nacho.

Uzi wenyewe ujaribiwe kabla ya kudarizi sare hamsini. Darizi pindo la machungwa kwenye kitambaa cheupe, ulifue kwa maji moto na sabuni ya kawaida, ulianike juani, na urudie mara kadhaa. Ukiona rangi imeingia kwenye kitambaa cheupe, tafuta uzi mwingine. Uzi wa poliesta kwa kawaida hustahimili kufuliwa na jua kuliko uzi wa pamba wa bei nafuu.

Jina chini ya picha

Jina linakaa chini ya pindo, baada ya kuacha miraba 2 wazi. Herufi ziwe kubwa, zilizonyooka, zisizo na mikia wala mapambo. Herufi za mwandiko wa harusi hupendeza kwenye kadi, lakini vijistari vyake vyembamba hukatika kwenye uzi. Kimo cha herufi kiwe miraba 3, unene wa mistari yake usipungue nusu mraba, na neno lianze kwenye ukingo wa kushoto wa pindo na kuishia kwenye ukingo wa kulia.

Hapa hesabu ya miraba inasaidia. Nembo ikidariziwa kwa upana wa milimita 24, kila mraba ni milimita 2. Herufi zinakuwa na kimo cha milimita 6, na mistari yake ina unene wa milimita 1, yaani mwisho kabisa wa kile ambacho uzi unaweza. Chini ya hapo jina linaondolewa na picha inabaki peke yake. Ndiyo maana lebo ya ukosi ya milimita 12 itakuwa na sketi bila jina. Muhuri unaweza kwenda chini zaidi kwa kuwa wino ni laini kuliko uzi: kwa upana wa milimita 18, herufi zina milimita 4 na nusu, na bado zinasomeka.

Nambari ya simu, mahali kibanda kilipo na orodha ya huduma si sehemu ya nembo. Ziandikwe pembeni yake kwenye bango na nyuma ya risiti. Nambari ikibadilika, utabadilisha maandishi hayo na nembo itabaki ilivyo.

Kuipeleka kwenye kompyuta na ukutani

Ukimaliza, mchoro wa daftari ndio asili yako. Mhudumu wa kompyuta anaweza kuuchora upya kwa dakika chache, kwa sababu ni mistatili na pembetatu tu. Mwombe auchore kwa maumbo, asiupige picha. Programu ya Inkscape haina malipo na inafaa kwa kazi hii. Mwombe akuhifadhie faili za SVG na PDF, ambazo zinaweza kukuzwa kufikia ukubwa wa ukuta bila kuchakaa, na faili ya PNG isiyo na mandhari ya nyuma kwa matumizi ya simu. Faili ya JPG peke yake haitoshi. Ikikuzwa kingo zake huwa na vijingazi, na kwenye sweta ya bluu itakuja na kisanduku cheupe. Jitumie faili hizo kwa barua pepe siku hiyo hiyo, zisibaki kwenye kompyuta ya duka.

Bango unaweza kulipima mwenyewe. Kama mraba mmoja ni sentimita 5, nembo ina upana wa sentimita 60. Chukua chaki na futi yako ya kupimia, chora kiunzi cha miraba 12 kwa 12 kwenye ubao, weka nukta za pembe kama zilivyo kwenye daftari, kisha uziunganishe kwa ubao ulionyooka. Mchoraji atabaki na kazi ya kujaza rangi, na hatakuwa na nafasi ya kubahatisha vipimo.

Kabla ya kupaka rangi

Kuna mambo machache ya sheria ambayo ni nafuu kuyajua sasa kuliko baada ya bango kupachikwa.

Usiweke ndani ya nembo yako ngao ya taifa au bendera. Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99, inakataza kuzitumia kibiashara bila kibali cha maandishi. Nembo ya kaunti nayo ni alama rasmi na si ya biashara ya mtu. Msalaba mwekundu unalindwa na sheria pia, hata ukiuchora kwa uzi. Beji ya shule ni mali ya shule. Kuishona kwenye sare iliyoagizwa na shule ni kazi yako, lakini kuichanganya na nembo yako si sawa. Tena usichukue picha ya mtandaoni ukaiita yako, kwa maana ina mwenyewe hata kama jina lake halionekani.

Bango la nje lina ada na masharti yake, ambayo hutegemea Sheria ya Fedha ya kaunti na ukubwa wa bango. Nenda kwenye ofisi ya leseni za biashara ukiwa na vipimo vya bango kabla ya kumlipa mchoraji.

Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen. Usajili huo haulindi nembo. Nembo husajiliwa kama alama ya biashara katika taasisi ya KIPI. Kwanza unaomba wakague kama hakuna alama inayofanana nayo, kisha unatuma maombi. Kazi ya ushonaji iko katika kundi la 40, na nguo zenyewe ziko katika kundi la 25. Maombi yakikubaliwa hutangazwa kwenye jarida lao kwa siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Usajili hudumu miaka 10 na unaweza kufanywa upya.

Hata hivyo ujue mpaka wake. Neno au picha inayotaja tu kazi au bidhaa unayouza ni vigumu kupewa mtu mmoja. Jina kama "Ushonaji Bora" haliwezi kuwa la fundi mmoja, na hata Pindo kwa mshona sketi linaweza kuulizwa maswali. Fundi anayefikiria kuuza nguo zake nje ya kaunti afanye ukaguzi huo kabla ya kushona lebo ya kwanza, na awe tayari na jina la pili. Anayeshonea mtaa wake tu anaweza kuanza kutumia nembo yake sasa, mradi haifanani na ya mwingine.

Zoezi la wiki hii

Chukua daftari la miraba na uchore kiunzi cha 12 kwa 12. Andika juu yake sentensi moja inayoeleza kwa nini wateja wanarudi kwako. Tafuta kitu kimoja kinachoonyesha sentensi hiyo na ukichore kwa maumbo yasiyozidi manne, kwa kalamu nyeusi, huku ukiacha mraba mmoja wazi kila mahali ambapo sehemu mbili zinakaribiana. Kisha mwonyeshe mteja atakayeingia kesho, umuulize anaona nini, na unyamaze usikilize.